Barua inayosema "tumepokea dai lako": inaahidi nini, na haiahidi nini

Barua iliyokuja mezani kwangu asubuhi ile ilikuwa imekunjwa mara nne, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kibali cha mazishi na kitambulisho cha marehemu. Aliyeileta alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mdogo wake mjane.

"Shikamoo mzee. Dada yuko eda, hatoki. Kanituma niulize: hizi hela zimekubaliwa au zimekataliwa?"

Nikaikunjua. Ilikuwa barua ya kampuni yetu, ya ukurasa mmoja, na chini yake kulikuwa na saini yangu mwenyewe. Dada mtu alikuwa ameisoma akaelewa kwamba pesa ziko njiani. Kijana aliisoma akaelewa kwamba zimegomewa. Mwalimu jirani yao aliisoma akasema ni barua ya kuomba nyaraka tu. Mwalimu ndiye aliyekaribia, ila hata yeye hakuona mstari mmoja uliobeba jambo zima. Watu watatu wenye akili zao wakisoma ukurasa mmoja na kutoka na maana tatu, kosa ni la aliyeandika.

Nimekaa kwenye dawati la madai ya bima ya maisha hapa Tanzania kwa miaka mingi. Nitaipitia barua ile jinsi ilivyokuwa, halafu nionyeshe tunavyoiandika sasa. Mahali na tarakimu nimezibadilisha ili familia isijulikane, lakini mwendo wa mambo ni uleule.

Marehemu alikuwa dereva wa lori. Mwaka 2015, kabla hajaoa, alikata bima ya maisha ya shilingi 20,000,000, akawa analipa 45,000 kila mwezi. Aliugua, akalazwa wiki mbili, akafia hospitalini. Aliacha mke na watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja, mkubwa akiwa darasa la pili. Wiki ya tatu baada ya mazishi familia ikapokea hii:

"Tunakiri kupokea dai la kifo tajwa hapo juu. Ili kuwezesha uchakataji, unatakiwa kufika ofisini ndani ya siku 14 na kuwasilisha nyaraka zifuatazo: cheti cha kifo, hati halisi ya bima, kitambulisho cha mdai, taarifa ya daktari, na hati ya usimamizi wa mirathi pale inapohitajika. Kushindwa kufanya hivyo kutasababisha faili kufungwa. Barua hii imetolewa bila kuathiri haki za kampuni na isichukuliwe kuwa ni kukubali dhima."

Pole haikuwemo. Nilikuwa nimezoea kuibandika juu kabisa, sentensi moja iliyopigwa chapa miaka ile na isiyobadilika, na safari ile hata hiyo ikasahaulika. Lakini tuanze na maneno yaliyowachanganya.

"Tunakiri kupokea" ndiyo kazi ya kwanza ya barua hii, na kusema kweli ndiyo kazi yake kubwa. Familia inapoleta taarifa ya kifo, iwe kwa simu, kwa wakala au kwa kufika ofisini, karani hufungua faili na kulipatia namba ya dai. Kuanzia hapo kampuni haiwezi kusema haikujua. Namba hiyo na tarehe iliyo kwenye barua ni ushahidi wa familia. Ukichelewa kujibiwa, ukihama mji, au afisa aliyekuhudumia akiacha kazi, hiyo namba ndiyo itakayolitoa faili kabatini. Kwa hiyo barua ikifika isomwe kwanza kwa vitu vitatu: namba ya dai, namba ya hati ya bima, na jina la marehemu jinsi lilivyoandikwa. Jina likiwa na kosa, lisemwe siku hiyohiyo. Marehemu wetu kwenye hati ya bima aliandikwa Ramadhani, kwenye kitambulisho cha taifa Ramadhan, na hospitali wakaandika Ramazani. Ni mtu mmoja, lakini anayeidhinisha malipo hamjui. Anachokiona ni karatasi tatu zenye watu watatu. Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, karatasi moja inayosema majina yote hayo ni ya mtu huyuhuyu. Likigundulika mwanzoni, linamalizika kwa siku moja. Likigundulika siku ya kulipa, kila mtu anakasirika.

Ile sentensi ya mwisho, "bila kuathiri haki za kampuni", ndiyo iliyomfanya kijana aamini kwamba wamegomewa. Ni lugha ya mawakili. Maana yake ni kwamba tumepokea taarifa lakini bado hatujaipima, kwa hiyo kuiandikia barua kusije kukageuzwa kuwa ahadi ya kulipa. Haisemi kwamba kampuni ina shaka na familia, wala haisemi kwamba italipa. Iko kwenye kila barua ya aina hii, hata kwenye dai ambalo litalipwa wiki ijayo bila swali. Kampuni haiwezi kuiondoa, na sioni ubaya wa kuwepo kwake. Ubaya ni kuiweka mwishoni, ikiwa neno la mwisho mfiwa analobaki nalo kichwani.

Kinachopimwa ni nini hasa? Kwa bima ya maisha ya mtu mmoja maswali si mengi. Bima ilikuwa hai siku anakufa? Aliyekufa ndiye aliyekatiwa bima? Sababu ya kifo imo kwenye mambo yanayolipwa? Na pesa ni za nani?

Kwenye uhai wa bima, marehemu alikuwa hajalipa mwezi mmoja, kwa sababu alikuwa kitandani. Familia ilikuwa na hofu kwamba kila kitu kimepotea. Hakikupotea. Mikataba ya bima ya maisha huwa na siku za neema, kwetu siku 30, ambazo ada ikichelewa bima inaendelea kuwa hai. Mtu akifa ndani ya siku hizo mafao hulipwa na ule mwezi mmoja hukatwa. Hatari zaidi huwa kwa wanaokatwa kwenye mshahara: mwajiri anakata lakini haleti, na mfanyakazi anakufa akiamini amelipa. Hapo karatasi za mshahara zinazoonyesha makato ni mali. Zisichomwe pamoja na makaratasi mengine ya marehemu wakati wa kusafisha chumba.

Sababu ya kifo kwa mtu wetu haikuwa na tatizo. Bima ilikuwa na umri wa karibu miaka tisa. Ingekuwa changa, tuseme chini ya miaka miwili, tungeomba kumbukumbu zake za matibabu na kuzilinganisha na majibu aliyotoa kwenye fomu ya maombi alipoulizwa kama ana kisukari, shinikizo la damu na kadhalika. Barua ikiomba ruhusa ya kuona faili la hospitali, ndiyo sababu. Na kama kifo ni cha ajali, itaombwa pia ripoti ya polisi na ya uchunguzi wa mwili.

Sasa nyaraka. Bahasha aliyoleta kijana ilikuwa na kibali cha mazishi, na familia ilidhani hicho ndicho cheti cha kifo. Ni kosa la kila wiki pale ofisini. Kibali kinaruhusu mwili uzikwe, basi. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, kupitia msajili wa wilaya, na ndicho ambacho bima, benki na mahakama wanakitaka. Kwa Tanzania Bara kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Baada ya hapo kinasajiliwa bado, ila kwa taratibu za kuchelewa. Barua yetu ilisema "cheti cha kifo" na kunyamaza. Ingeongeza sentensi moja tu, kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo na cheti kinapatikana wapi, ingeokoa safari nzima ya kijana yule kutoka Morogoro.

Hati halisi ya bima nayo ina lake. Watu wengi hawajui marehemu aliihifadhi wapi, na wakisoma "hati halisi" wanakata tamaa. Kukosekana kwa hati hakuui dai. Kuna fomu ya kueleza kwamba imepotea, pamoja na kiapo, maana kampuni inazo kumbukumbu zake. Kama hati ipo, usiiache ofisini bila kuandikiwa kwamba imepokelewa na nani, tarehe ngapi. Nasema hivi nikiwa upande wa kaunta unaopokea.

Tufike kwenye ule mstari nilioutaja mwanzo. "Hati ya usimamizi wa mirathi pale inapohitajika." Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoficha jambo zima. Inahitajika lini? Kwa nani? Mjane hakuwa na namna ya kujua, na sisi tulikuwa tunajua siku tuliyoandika.

Mtu anapokata bima ya maisha hujaza sehemu ya mnufaika, yaani jina la atakayelipwa akifa. Mnufaika akiwa hai na ni mtu mzima, kampuni humlipa yeye moja kwa moja kwa kitambulisho na akaunti yake, na mahakama haiingii. Hapo dai ni jepesi, likiwa na karatasi zote linaweza kwisha kwa wiki chache. Mnufaika akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, pesa hazikabidhiwi kwake. Atahitajika mlezi au mdhamini anayetambulika kisheria. Na kama hakuna mnufaika, au aliyeandikwa amekufa kabla ya mwenye bima na hakuna mwingine, kwa masharti ya mkataba kama ule wetu pesa zinarudi kwenye mali ya marehemu. Zikirudi huko zinakuwa mirathi, na kampuni haina mamlaka ya kuamua nani apewe. Inamsubiri msimamizi aliyeteuliwa na mahakama.

Nilifungua fomu ya mwaka 2015. Mnufaika alikuwa mama mzazi wa marehemu, asilimia 100. Mama huyo alifariki 2020. Marehemu alioa, akazaa watoto watatu, akajenga, akabadilisha namba ya simu kwenye kumbukumbu zetu mara mbili, lakini ile sehemu moja ya fomu hakuigusa. Hakuna aliyemwambia, na mimi simlaumu. Ni nani anayekaa jioni kuwaza fomu ya bima?

Kwa hiyo mjane, aliyekuwa akisubiri kulipwa kwa sababu ni mke, hakuwa mnufaika. Alikuwa mrithi mmoja kati ya warithi wa marehemu, na njia yake ilikuwa ndefu: familia ikae kikao na kumpendekeza msimamizi, muhtasari wa kikao upelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mahakama itangaze ili mwenye pingamizi ajitokeze, muda upite, ndipo msimamizi ateuliwe. Hiyo ni miezi, hata pasipo mtu wa kupinga. Msimamizi anaweza kuwa mjane mwenyewe. Wengi wanadhani lazima awe mwanamume wa ukoo, na si kweli.

Kijana akaniuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: "Sasa si mngetuambia tangu mwanzo tuanze mahakamani?" Wiki tatu walikuwa wamekaa wakikusanya taarifa ya daktari na vitambulisho, wakati kitu chenye kuchukua muda mrefu kuliko vyote hakijaanza. Kwenye dai linalohitaji mirathi, cheti cha kifo na mirathi ndivyo vinavyoshika saa. Vingine vyote vinaweza kufuata nyuma.

Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba tunatumia barua moja kwa madai yote.

Jambo la pili aliloliuliza ni zile siku 14. Dada yake alikuwa eda, miezi minne na siku kumi, na barua inamtaka afike ofisini ndani ya wiki mbili la sivyo faili lifungwe. Hapa lazima niseme wazi, ingawa wenzangu hawapendi nikilisema: ile tarehe haikuwa na msingi wowote kwenye mkataba. Mikataba hutaka taarifa ya kifo itolewe mapema, na hiyo familia ilikwisha kuitoa. Siku 14 za kuleta karatasi zote ziliwekwa na mtu mmoja zamani ili meza isijae mafaili, zikageuka desturi. Hakuna anayeweza kupata hati ya mirathi kwa siku 14, hata awe ndugu yake hakimu. Mwenye barua ya namna hii aijibu kwa maandishi, aeleze yuko hatua gani na kwa nini, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Faili lenye majibu ya familia ndani yake si rahisi kufungwa. Na mfiwa hana lazima ya kufika mwenyewe katika hatua hizi za mwanzo. Barua fupi ya kumtambulisha mwakilishi inatosha kupeleka nyaraka. Saini yake mwenyewe inahitajika kwenye fomu ya dai, ambayo inaweza kupelekwa nyumbani ikarudi.

Baada ya siku ile nilikaa na mwanasheria wetu, mwenye subira kuliko mimi, tukaandika upya. Alisimamia kwamba sentensi yake ya haki za kampuni ibaki, nami nikasimamia kwamba iwe Kiswahili. Kwa familia ile, barua ilitoka hivi:

"Poleni sana kwa kuondokewa na mpendwa wenu. Tumepokea taarifa yenu tarehe iliyo juu, na dai lenu lina namba iliyo pembeni. Itajeni kila mnapotupigia au kutuandikia.

"Katika hatua hii tunakusanya taarifa. Bado hatujaamua lolote kuhusu malipo, na barua hii si ahadi ya kulipa wala si kukataa. Uamuzi tutawaandikia, na kama kuna jambo tutakaloshindwa kulilipa tutawaeleza sababu.

"Aliyeandikwa kuwa mnufaika wa bima hii ametangulia kufariki. Kwa sababu hiyo mafao, yakikubaliwa, yatalipwa kupitia msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama. Hili huchukua muda, hivyo tunawashauri mlianze kwanza, mtakapokuwa tayari. Mahakama itahitaji cheti cha kifo kutoka RITA. Kibali cha mazishi hakitoshi.

"Wakati hilo likiendelea mnaweza kututumia, moja moja kadiri mnavyopata: fomu ya dai iliyoambatanishwa, nakala ya cheti cha kifo iliyothibitishwa, taarifa ya daktari aliyemtibu, na hati ya bima kama mnaiona. Isipoonekana tuambieni, ipo njia nyingine. Majina ya marehemu yanatofautiana kidogo katika nyaraka tulizonazo, kwa hiyo tutahitaji pia kiapo cha majina.

"Si lazima mjane afike mwenyewe. Atakayemtuma aje na kitambulisho chake na barua fupi kutoka kwake. Kampuni haitozi chochote kushughulikia dai. Mtu yeyote akiwaomba pesa kwa simu kwa jina letu, msimpe, tupigieni."

Chini yake jina langu, namba ya simu ya mezani, na siku ambazo napatikana.

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mkuu wa idara alilalamika kuhusu hilo. Lakini angalia kilichofanyika. Pole imekuja kwanza na imekuwa fupi. Nimejaribu pole ndefu, zenye mahali pema peponi na kazi ya Mola haina makosa, na nimejifunza kuziacha. Ofisi haijui dini ya anayeisoma, na mfiwa anajua kwamba ofisi haikumjua marehemu. Sentensi moja ya "poleni sana" haimdanganyi mtu. Upole uliobaki wote umo kwenye mambo yenyewe: kumwambia kipi kianze, kumwambia asichohitaji kukifanya, kutomtishia.

Neno "yakikubaliwa" nalo lilizozaniwa. Lingeweza kuachwa ili barua iwe laini zaidi, na lingemuumiza mtu baadaye. Nimeona barua ya afisa mwenye huruma iliyosema "mafao yenu tutawalipa mara tu mkileta nyaraka". Familia ikakopa kwa ajili ya arobaini. Kisha ikaonekana bima ilikuwa imekufa miezi saba kabla. Huruma ya namna ile ilikuwa ghali kuliko ukali.

Kuhusu wale wapigaji wa simu, mstari ule haukuwekwa kwa mapambo. Tangazo la msiba likishasambaa kwenye makundi ya simu, lina jina la marehemu, kazi yake na jina la mjane, na hapo mtu anapiga akijifanya afisa wa bima anayetaka "hela ndogo ya kufungulia faili". Anayetaka kuhakikisha apige namba iliyo kwenye hati ya bima, siyo iliyompigia.

Na ikiwa barua imekuja, nyaraka zimekamilika, halafu kimya? Kwanza iandikwe barua ya kuulizia, yenye namba ya dai na orodha ya vilivyokwisha kupelekwa na tarehe zake. Lisipopatikana jibu, malalamiko yaende kwa mkuu wa kampuni kwa maandishi. Baada ya hapo kuna TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima nchini, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mteja asiyeridhika. Wote hao watauliza swali la kwanza lilelile: mlipeleka dai lini, na mna uthibitisho gani? Ile barua ya ukurasa mmoja ndiyo jibu.

Mjane alimaliza eda. Kikao cha familia kilimpendekeza yeye na shemeji yake wawe wasimamizi pamoja, mahakama ikakubali, na mwezi wa saba tangu barua ya kwanza wakaja wote wawili, naye kijana nyuma yao kabeba mtoto mdogo.

Nikawapa hati ya kuridhia malipo. Hii ndiyo karatasi ya mwisho, na ndiyo inayofunga mlango, kwa sababu imeandikwa kwamba mpokeaji amepokea malipo kamili na hana dai lingine. Isisainiwe kabla ya kuona hesabu. Hesabu yao ilikuwa hivi: bima 20,000,000. Marehemu aliwahi kukopa kwa dhamana ya bima hiyo 1,500,000 alipokuwa akiezeka nyumba, na riba iliyolimbikizwa ilikuwa 210,000. Ada ya mwezi ule alioumwa, 45,000. Ikabaki 18,245,000.

Mjane hakuwa anajua habari ya mkopo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mabati yale." Akataka aone karatasi ya mkopo, nikampa, akaitazama saini ya mumewe kwa muda.

Shemeji ndiye aliyeuliza mgawanyo. Si kazi ya bima kuugawa, nikamwambia, pesa zitaingia kwenye akaunti iliyoelekezwa na mahakama, madeni ya marehemu yatangulie, kisha sheria ya mirathi inayowahusu ifuate. Lakini wao walikwisha kuongea na shehe, na wazazi wa marehemu wote wawili hawakuwa hai. Kijana alitoa simu akapiga hesabu hapohapo mezani: mjane thumuni, 2,280,625. Zinazobaki 15,964,375 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili mawili na wa kike fungu moja, yaani 6,385,750 kwa kila mvulana na 3,192,875 kwa msichana. Mjane angekuwa ndiye aliyeandikwa kwenye ile fomu, zote 18,245,000 zingelipwa kwa jina lake, ingawa hata hapo wapo wanaoshikilia kwamba mnufaika hupokea tu kwa niaba ya warithi.

Mjane akasaini, shemeji akasaini. Kisha mjane akaniuliza kama wifi yake, ambaye naye ana bima kwetu, anaweza kubadilisha jina la mnufaika bila kusubiri mwisho wa mwaka. Nikamwambia anaweza siku yoyote, ni fomu ya ukurasa mmoja, haina malipo. Akaomba apewe mbili.